Memo ya kuomba nyongeza ya bajeti ya mitandao ya kijamii: ushahidi unaojibu swali la mkurugenzi

Memo yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa na kurasa tano. Nilijaza idadi ya wafuasi, laiki, watu waliofikiwa na picha za posti zilizofanya vizuri. Ilirudi baada ya siku mbili ikiwa na sentensi moja ya kalamu pembeni: "Tukiongeza fedha hii, tutauza nini ambacho hatuuzi sasa?" Nilitafuta jibu katika kurasa zote tano na sikuliona, kwa sababu sikuwa nimeliandika.

Tangu hapo nimeandika memo nyingine kadhaa, na nyingi zimepita. Zilipita kwa sababu kabla ya kushika kalamu nilikuwa nimeshafanya kazi ya kulijibu swali lile. Mwongozo huu unakupitisha kwenye kazi hiyo kuanzia kwa mhasibu hadi kwenye sahihi. Nitatumia mfano mmoja wa kutunga tangu mwanzo hadi mwisho: kampuni inayouza viti vya ofisini na kuvisafirisha kwenye maeneo 20. Inatumia 60,000 kila wiki nne kwa matangazo ya kulipia kwenye mitandao ya kijamii, na inapata oda zipatazo 4,000 katika muda huo. Sikutaja aina ya fedha. Weka ya kwenu.

## Elewa kwanza unaombwa nini

Afisa masoko huwa anaandika kuthibitisha kwamba matangazo yanafanya kazi. Mkurugenzi hakuuliza hivyo. Angekuwa hayaamini, angeshayakata. Anachopima ni fedha inayofuata: ile nyongeza ya juu ya 60,000. Je, nayo italeta wateja, au itawaonyesha tangazo kwa mara ya tisa watu walewale waliokwisha kuliona mara nane?

Haya ni maswali mawili tofauti, na majibu yake hayafanani. Fedha ya kwanza unayoitia kwenye matangazo huwapata watu walio karibu kununua, na hao ni rahisi kuwapata. Kadiri unavyoongeza, ndivyo mtandao unavyolazimika kuwatafuta watu walio mbali zaidi na uamuzi wa kununua, na kila oda inagharimu zaidi ya ile iliyotangulia. Kwa hiyo ukigawa matumizi yote kwa oda zote, unapata wastani unaopendeza, lakini wastani huo hauzungumzii fedha unayoiomba. Unachohitaji ni gharama ya oda ya ziada: nyongeza peke yake, igawanywe kwa oda ambazo zisingekuwepo bila nyongeza hiyo.

## Nenda kwa mhasibu kabla ya kufungua dashibodi

Namba ya kwanza ya memo haitoki kwenye idara ya masoko. Mwombe mhasibu akupe kiasi kinachobaki kwa kila oda baada ya kutoa gharama zote zinazoongezeka oda ikiongezeka. Katika mfano wetu kiti kinauzwa 200. Kukinunua kiwandani ni 112, kukifunga na kukisafirisha ni 18, kamisheni ya muuzaji ni 6, na hasara ya viti vinavyorudishwa, ikigawanywa kwa oda zote, ni 4. Inabaki 60.

Hiyo 60 ndiyo mpaka wako. Oda ya ziada ikigharimu 45 kuipata, kampuni inabaki na 15. Ikigharimu 70, kila mteja mpya anawatia hasara ya 10, hata kama chati ya mauzo inapanda. Usitoe humo kodi ya jengo wala mishahara ya kudumu, maana hivyo havibadiliki oda zikiongezeka kwa mia chache. Usiongeze pia manunuzi ambayo mteja huyo huenda akayafanya mwakani, labda kama mhasibu mwenyewe ana kumbukumbu za kuonyesha kwamba wateja hurudi. Ukiyaingiza kwa kukisia, mkurugenzi wa fedha atakishika kisio hicho na kuiacha memo yote iliyobaki.

Mwombe mhasibu athibitishe 60 hiyo kwa maandishi, hata kwa barua pepe ya mstari mmoja. Nimeona mara nyingi mjadala ukiisha pale tu inapojulikana kwamba namba ya msingi imetoka kwake.

## Kwa nini ripoti ya mtandao haitoshi

Sasa fungua ripoti za matangazo. Katika mfano wetu, mtandao wa kwanza unadai umeleta oda 1,900 na wa pili unadai 1,300. Jumla ni 3,200, na 60,000 ukiigawa kwa hizo unapata chini kidogo ya 19 kwa oda. Mpaka ni 60! Hapo ndipo afisa masoko anapokimbilia kuandika memo.

Ngoja. Fungua pia ripoti ya matangazo ya kwenye injini ya utafutaji: nayo inadai oda 1,500. Jumla ya madai imefika 4,700, ilhali daftari la oda lina 4,000, na ndani ya hizo 4,000 wamo wateja wa zamani waliopiga simu moja kwa moja. Kila mtandao umejipa sifa kwa mteja yuleyule.

Mitandao haidanganyi, inahesabu kwa kanuni zake. Kwenye Meta Ads Manager, mpangilio wa kawaida unahesabu oda kuwa ya tangazo kama mtu alilibofya ndani ya siku 7 kabla ya kununua, au aliliona tu bila kulibofya ndani ya siku 1. Mtu aliyeamua kununua kiti tangu juma lililopita, akaliona tangazo asubuhi akiperuzi, akanunua jioni, anahesabiwa. Angenunua hata kama tangazo lisingekuwepo.

Ukubwa wa pengo hili unaweza kushangaza. Wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walifanya majaribio katika kampuni ya eBay, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Walipozima matangazo ya kulipia yaliyokuwa yakitokea mtu anapotafuta jina la eBay lenyewe, karibu wageni wote waliendelea kuja kupitia viungo vya kawaida visivyolipiwa. Hayo yalikuwa matangazo ya utafutaji, si ya mitandao ya kijamii, na mtu anayetafuta jina lako yuko karibu sana kununua, kwa hiyo usiyahamishe matokeo hayo kama yalivyo. Kinachofaa kuigwa ni njia: walizima mahali pamoja, wakaacha mahali pengine, wakaangalia daftari la mauzo.

## Jaribio la wiki nne

Njia hiyohiyo unaweza kuifanya wewe, ila badala ya kuzima, unaongeza. Unataka kujua nyongeza italeta nini, basi ongeza katika nusu ya maeneo na uache nusu nyingine kama ilivyo.

Chukua maeneo yako 20 na uyapange kwa jozi, kila jozi maeneo mawili yenye mauzo yanayokaribiana na yanayopanda na kushuka kwa pamoja. Kisha rusha sarafu kwa kila jozi: eneo moja liingie kundi A linalobaki na bajeti ileile, jingine kundi B linaloongezewa. Sarafu ni lazima. Ukichagua mwenyewe, mkono utakwenda kwenye maeneo unayojua yanachangamka, na mtu wa kwanza kulitambua hilo atakuwa mkurugenzi wa mauzo.

Maeneo yawe mapana kiasi kwamba watu wengi wanaishi na kufanya kazi ndani ya eneo moja. Ukigawa kwa mitaa inayopakana, mtu wa kundi A ataliona tangazo la B akiwa kazini, atanunua kitu kitakachopelekwa nyumbani kwake, na oda itaandikwa A. Tofauti unayoitafuta itapungua bila wewe kujua.

Kuna kosa moja la kiufundi lililowahi kuniharibia jaribio zima. Bajeti ikiwekwa kwenye ngazi ya kampeni, mtandao wenyewe huhamisha fedha kati ya makundi ya matangazo yaliyo ndani ya kampeni hiyo, kufuata mahali inapoona matokeo ni rahisi. Ukiweka A na B katika kampeni moja, nyongeza ya B inaweza kuvuja na kuingia A. Tengeneza kampeni mbili, kila moja na bajeti yake na orodha yake ya maeneo, huku picha, video na maneno vikiwa vilevile pande zote. Kila Jumatatu angalia fedha iliyotumika kwa kila kampeni, maana bajeti uliyoiweka na fedha iliyotumika si lazima zilingane.

Kitu kingine ni mwendo wa kupandisha. Meta husema mfumo wake unahitaji matokeo yapatayo 50 ndani ya wiki moja ili kundi la matangazo litulie baada ya badiliko kubwa, na kuruka ghafla kutoka kiwango kimoja hadi kingine kunaweza kulirudisha kwenye hatua ya kujifunza. Wengi wetu tunapandisha kwa takriban asilimia 20 kwa hatua, tunasubiri siku chache, tunapandisha tena. Fanya hivyo kabla ya kuanza kuhesabu wiki nne, ili wiki zote zinazohesabiwa ziwe za bajeti kamili.

Katika muda wa jaribio, usiruhusu punguzo la bei katika kundi moja tu. Zungumza na watu wa mauzo mapema wasipeleke mawakala wapya kwenye maeneo ya B. Mwombe msimamizi wa ghala akuarifu siku bidhaa inapokwisha mahali popote, na uandike tarehe. Mnunuzi mmoja mkubwa akiagiza viti mia, hiyo ni oda moja, wala usihesabu viti.

Fedha ya jaribio inatoka wapi? Katika mfano wetu ni 15,000, na ilitoka kwenye fungu la maonyesho yaliyoahirishwa, kwa idhini ya mkurugenzi ya kuhamisha matumizi. Ukiwa huna fungu la namna hiyo, andika memo fupi ya kuomba fedha ya jaribio tu. Ni rahisi kupata 15,000 ya kujibu swali kuliko kupata 72,000, ambayo ndiyo jumla ya ombi letu la baadaye, kwa kuaminiwa tu.

## Kuyasoma matokeo

Jaribio likiisha, subiri wiki moja ili oda zilizofutwa na bidhaa zilizorudishwa zijulikane. Kisha chukua oda zilizolipwa na kufikishwa, kutoka kwenye daftari la kampuni, kwa eneo la kupelekea mzigo. Ripoti ya mtandao iache pembeni.

Katika wiki nne za kabla, kundi A lilikuwa na oda 1,980 na B oda 2,020. Katika wiki nne za jaribio, A ilifika 2,040 na B 2,421. Usikimbilie kutoa 2,020 kwenye 2,421, kwa sababu hata A, ambayo haikuongezewa chochote, ilipanda. Soko lenyewe lilisogea. Hesabu ni hii:

```
oda tarajiwa za B = oda za B kabla × (oda za A wakati wa jaribio ÷ oda za A kabla)
                  = 2,020 × (2,040 ÷ 1,980) = 2,081
oda za ziada      = 2,421 − 2,081 = 340
gharama ya oda ya ziada = 15,000 ÷ 340 = 44
```

Linganisha na ile 19 ya dashibodi. Ukweli ni zaidi ya mara mbili yake, lakini bado uko chini ya 60. Nyongeza inalipa, ingawa si kwa ukarimu ule uliokuwa unauona kwenye skrini. Namba inayoumiza kidogo namna hii ndiyo inayofaa kwenye memo, kwa kuwa mkurugenzi anaweza kuifikia mwenyewe kwa kufungua daftari la oda.

Bado kuna swali moja: je, 340 si bahati tu? Mauzo hupanda na kushuka yenyewe. Njia rahisi ya kujua ni kurudia hesabu ileile kwa vipindi vya nyuma ambavyo hukuongeza chochote. Tumia makundi yaleyale ya A na B, chukua vipindi sita vya wiki nne vilivyopita, na kwa kila kimoja hesabu "oda za ziada" ambazo kwa haki zingepaswa kuwa sifuri. Hazitakuwa sifuri. Tuseme kubwa kuliko zote ilikuwa 90, juu au chini. Basi 90 ndiyo kelele ya kawaida ya soko lako, na 340 imejitokeza wazi juu yake. Kama jaribio lingekupa 80, lisingekuwa limekuambia kitu, na ungelazimika kulirudia kwa muda mrefu zaidi au kwa nyongeza kubwa zaidi.

Kelele hiyo itumie pia kupata makadirio ya chini. Toa 90 kwenye 340, unabaki na 250, na 15,000 ikigawanywa kwa 250 ni 60 kamili. Maana yake, hata bahati ikiwa imetupendelea kwa kiwango kikubwa kabisa tulichowahi kukiona nyuma, tunarudisha fedha yetu bila faida na bila hasara. Sentensi hiyo ina uzito kuliko chati zote utakazoambatisha.

Ikiwa mnauza mahali pamoja tu na hamwezi kugawa maeneo, kuna jaribio la Meta liitwalo Conversion Lift, ambalo huwagawa watu wenyewe: baadhi huonyeshwa matangazo na wengine huzuiwa, kisha mauzo ya makundi mawili yanalinganishwa. Halipatikani kwa kila akaunti. Kupandisha bajeti kwa mwezi mmoja na kuishusha mwezi unaofuata ni ushahidi dhaifu zaidi, kwa sababu huwezi kutenganisha tangazo na msimu. Ukiutumia, useme hivyo ndani ya memo.

Na kama gharama ya oda ya ziada ingekuwa 75? Usiandike ombi. Andika memo nyingine, ya kueleza kwamba kiwango cha sasa kimefika ukingoni na kwamba kinachohitajika ni kubadilisha matangazo yenyewe kwanza. Nimewahi kupeleka memo ya namna hiyo, na ombi langu lililofuata lilisomwa kwa jicho jingine kabisa.

## Memo yenyewe

Ukurasa mmoja. Hesabu za jozi, orodha ya maeneo na vipindi sita vya nyuma viende kwenye kiambatisho. Ombi likae aya ya kwanza, likiwa na kiasi, muda na kinachotarajiwa, ili anayesoma mistari minne tu aweze kuamua. Kichwa kiseme jambo lenyewe. "Mapendekezo kuhusu mitandao" hakimwambii mtu anaombwa nini.

Zingatia kiasi kinachoombwa katika mfano. Jaribio liliongeza 1,500 kwa kila eneo, kutoka 3,000 hadi 4,500. Ombi linabaki kwenye kiwango hichohicho, 1,500 kwa eneo, kwa maeneo 16. Manne yanabaki kwenye bajeti ya zamani ili kuendelea kuwa kipimo. Kuomba bajeti iongezwe mara mbili kwa ushahidi wa nyongeza ya nusu ni kwenda mahali ambapo jaribio halikufika.

> KWA: Mkurugenzi Mtendaji
> KUTOKA: Afisa Masoko
> NAKALA: Mkurugenzi wa Fedha
> YAH: OMBI LA NYONGEZA YA 24,000 KILA WIKI NNE KWA MATANGAZO YA MITANDAO YA KIJAMII, KWA WIKI 12
>
> Ndugu Mkurugenzi, naomba idhini ya kuongeza bajeti ya matangazo ya mitandao ya kijamii kutoka 60,000 hadi 84,000 kila wiki nne, kwa wiki 12. Jumla ya nyongeza haitazidi 72,000. Kwa kila wiki nne natarajia oda za ziada zipatazo 544, zitakazobakiza takriban 8,600 baada ya kulipia bidhaa, usafirishaji na matangazo hayo.
>
> Makadirio haya yanatokana na jaribio tulilolifanya kwa wiki nne. Maeneo 20 yaligawanywa kwa jozi na kwa kurusha sarafu. Kumi yaliongezewa jumla ya 15,000 na kumi yalibaki kama yalivyokuwa. Baada ya jaribio yote yamerudi kwenye bajeti ya kawaida. Kwa mujibu wa daftari la oda, maeneo yaliyoongezewa yalipata oda 340 zaidi ya zilizotarajiwa. Kila oda ya ziada iligharimu 44. Idara ya Fedha imethibitisha kwamba kila oda hubakiza 60 kabla ya gharama ya matangazo.
>
> Namba hizi zina mipaka. Katika vipindi sita vya nyuma, tofauti ya kawaida kati ya makundi haya ilifika hadi oda 90 bila nyongeza yoyote. Tukiipunguza tofauti hiyo yote, gharama inakuwa 60 kwa oda, yaani hatupati faida wala hasara. Jaribio halikuhusisha msimu wa mauzo makubwa wala nyongeza inayozidi 1,500 kwa eneo, kwa hiyo siombi zaidi ya hapo. Ripoti za mitandao zinaonyesha gharama ya 19 kwa oda; sikuitumia kwa sababu inahesabu pia wateja ambao wangenunua bila tangazo.
>
> Nyongeza itatolewa kwa hatua: katika wiki ya kwanza bajeti itakuwa kwenye kiwango cha 72,000 kwa wiki nne, kisha 84,000. Maeneo manne yatabaki kwenye bajeti ya sasa kwa ajili ya kulinganisha. Nitaleta taarifa kila baada ya wiki nne. Ikiwa mwisho wa wiki ya 8 gharama ya oda ya ziada itakuwa imezidi 60, bajeti itarudi 60,000 bila kusubiri maelekezo mengine.
>
> Video na picha zitatengenezwa na watumishi waliopo. Kodi na makato ya malipo ya nje yamo ndani ya kiasi kinachoombwa. Msimamizi wa ghala amethibitisha kwamba oda 600 zaidi katika wiki nne zinaweza kuhudumiwa.
>
> Naomba uamuzi wako kabla ya kufungwa kwa bajeti ya robo ijayo.

Aya ya tatu ndiyo wengi huogopa kuiandika. Wanaona kama wanampa mkurugenzi sababu ya kukataa. Lakini udhaifu utatajwa tu, kama si na wewe basi na mkurugenzi wa fedha ndani ya kikao ambacho huenda hukualikwa. Ukiutaja wewe, unautaja ukiwa na kipimo chake.

Aya ya nne ina sharti la kusimama, na sharti hilo linatazama wiki ya 8, wala si ya 4. Sababu ni kwamba sasa una maeneo manne tu ya kulinganisha, na idadi ndogo hupiga kelele zaidi. Ukiahidi kusimama kwa matokeo ya wiki nne za mwanzo, unaweza kuizima kampeni nzuri kwa ajili ya mwezi mmoja mbaya katika maeneo mawili.

## Kabla ya kuipeleka

Mpelekee mkurugenzi wa fedha rasimu siku chache mapema. Atakuuliza mambo matatu hivi. Kwanza, kama makato ya kadi na kodi vimeingizwa: mitandao mingi hutoza kwa fedha ya nje, na kiasi kinachotoka benki huwa kikubwa kuliko kinachoonekana kwenye ripoti ya matangazo. Chukua namba kutoka taarifa ya benki. Pili, nani analipia video mpya, kwa kuwa bajeti ikipanda watu wataona tangazo lilelile mara nyingi zaidi na litachoka haraka. Kama mnaajiri mtengeneza video wa nje, gharama yake igawe ndani ya gharama ya oda ya ziada. Ikiwa ni 4,000 kila wiki nne, gawa kwa oda 544 na ile 44 inapanda hadi 51 na kitu. Tatu, fedha hii inatoka kwenye fungu gani. Hapo usijibu kwa kuteketeza fungu la mwenzako bila kuzungumza naye. Mtaje mkurugenzi wa fedha kama mwenye kuamua, au pendekeza fungu lililo chini yako mwenyewe.

Mkurugenzi mkuu naye atauliza mambo mengine, mara nyingi moja tu: "Kwa nini washindani wetu wanaonekana zaidi?" au "Mbona wafuasi hawaongezeki?" Jibu kwa heshima na kwa ufupi, kisha rudi kwenye oda. Wafuasi hawakuwa kipimo cha jaribio hili.

## Ukipewa nusu

Jibu la kawaida kuliko yote ni hili: ombi limekubaliwa kwa 12,000 badala ya 24,000. Kishawishi ni kuigawa 12,000 hiyo kidogokidogo, 750 kwa kila eneo kati ya yale 16. Usifanye hivyo. Nyongeza ya 750 hukuijaribu, na athari yake ikiwa ndogo itamezwa na kelele ile ya oda 90, kiasi kwamba baada ya wiki 12 hutakuwa na la kusema upande wowote. Ipeleke yote kwenye maeneo manane kwa 1,500 kila moja, na maeneo 12 yabaki kuwa kipimo. Ushahidi utakaopatikana utakuwa imara kuliko wa mpango wa kwanza. Mwandikie mkurugenzi mistari mitatu kumshukuru na kumweleza maeneo hayo manane yamechaguliwaje: ni jozi nane, na sarafu kwa kila jozi.